Hesabuni Viti Vyetu, Lakini Hesabuni na Siku: Barua ya Wazi kwa Hazina ya Taifa na KRA

Kwa Waziri wa Fedha. Kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Ushuru. Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu shilingi 100. Ndizo mnazotutoza kwa kila nafasi ya abiria, kila mwezi, katika kodi ya malipo ya awali. Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato linasema kwamba basi, minibasi au gari dogo la abiria litalipa kiasi hicho, au shilingi 5,000 kwa mwaka, kutegemea kipi ni kikubwa. Hadi mwaka wa 2023 viwango vilikuwa shilingi 60 na 2,400. Kwa matatu ya abiria 14, kama langu la njia ya Likoni na Ukunda, mabadiliko hayo yalitutoa kwenye shilingi 10,080 kwa mwaka hadi 16,800. Wenzangu wenye minibasi za abiria 33 wametoka 23,760 wakafika 39,600.

Sikuandika barua hii kulalamikia nyongeza. Hiyo imeshalalamikiwa na watu wenye sauti kubwa kuliko yangu, ikapelekwa hata mahakamani pamoja na Sheria nzima ya Fedha ya 2023. Mahakama ya Rufani iliitupa sheria hiyo tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikairudisha tarehe 29 Oktoba mwaka uo huo. Kesi imekwisha. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni neno moja la Jedwali ambalo halikuguswa na waongezaji wala na walalamikaji: neno "mwezi".

Kwanza niwape haki yenu. Mlipochagua kiti kuwa kipimo cha kodi, mlichagua vizuri. Kiti hakifichiki. Tangu Kanuni za Michuki zianze kutumika tarehe 1 Februari 2004, gari la abiria 14 hubeba abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, na idadi hiyo imeandikwa kwenye logibuku na kwenye stakabadhi za bima. Mkaguzi akitaka kuhakikisha, anafungua mlango na kuhesabu. Tena mmefanya vyema kuliko Zimbabwe, ambako kodi ya makadirio ya matatu zao huenda kwa makundi: abiria 8 hadi 14 kundi moja, 15 hadi 24 kundi la pili, na kuendelea. Huko mwenye viti 15 hulipa sawa na mwenye viti 24, na kila mwenye gari lililo mpakani ana sababu ya kung'oa kiti kimoja kabla ya ukaguzi. Kwetu kila kiti kina bei yake, na anayeng'oa kiti huokoa bei ya kiti hicho tu huku akipoteza nauli yake mwaka mzima. Hana sababu ya kukihangaikia.

Lakini kiti kinaeleza gari linaweza kuchuma nini likiwa barabarani. Hakisemi kama lilikuwa barabarani. Hilo mnalijaza ninyi wenyewe kwa kudhani kwamba gari lililokaguliwa Januari litakuwa likichuma hadi Desemba, miezi 12 bila pengo. Katika biashara yetu hakuna mtu mwingine anayedhani hivyo.

Pengine kuna anayesoma barua hii ambaye hajawahi kumiliki matatu, basi nieleze jinsi pesa inavyotembea. Asubuhi dereva na makanga wanachukua gari. Jioni wananiletea hesabu, yaani kiasi tulichokubaliana ambacho hakipandi wala kushuka kwa wingi wa abiria. Nauli yote ya siku inapita mikononi mwao: wananunua dizeli, wanalipa ada za steji na za chama, wanatoa hesabu yangu, na kinachobaki ni chao. Wakipata siku njema, wema huo ni wao. Wakipata mbaya, wananipigia simu saa mbili usiku wakiwa na maelezo marefu. Kwa hiyo mimi mwenye gari sijui, na sina njia ya kujua, nauli halisi iliyokusanywa leo. Najua mambo mawili tu kwa hakika: gari lina viti vingapi, na leo lilitoka au halikutoka.

Tuchukue gari moja la mfano ambalo mwenye steji yeyote wa pwani atalitambua. Nauli ya siku, shilingi 9,000. Dizeli, 4,000. Dereva na makanga pamoja, 2,000. Ada za steji na chama, 500. Hesabu ya mwenye gari, 2,500. Likifanya kazi siku 300 kwa mwaka, nauli itafika shilingi milioni 2.7, lakini hesabu ya mwenye gari itakuwa 750,000, na humo ndimo atakamotoa bima, matairi, fundi na rejesho la mkopo. Sasa mwambieni mtu huyo ajaze fomu kwenye iTax na kuandika mauzo ghafi. Aandike lipi? Kodi ya mauzo ghafi ni asilimia 3 kwa anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Akiandika nauli, anadaiwa 81,000. Akiandika kile kilichofika mkononi mwake, hajafikia hata kiwango cha kuanzia. Nauli ndiyo mauzo, nami sibishani na sheria juu ya hilo. Ila daftari la nauli hiyo halipo popote. Makanga hakatii abiria wa Ukunda tikiti.

Ndiyo maana kodi ya malipo ya awali, ambayo kwa mujibu wa sheria si kodi ya mwisho bali ni kianzio cha kukatwa kwenye kodi ya mwaka, kwa wengi wetu imekuwa ndiyo kodi yenyewe. Tunailipa kwa sababu imefungwa kwenye mlango wa ukaguzi: bila risiti yake gari halikaguliwi, na bila ukaguzi hakuna leseni ya kubeba abiria. Mmeunda kodi ya makadirio bila kuipa jina hilo. Na ikiwa ni ya makadirio, basi ikadirie kitu kilicho karibu na ukweli.

Gari la abiria hulala kwa sababu nyingi, na chache tu kati yake ni uvivu. Injini ikinoki, utakaa wiki kadhaa ukitafuta ya mtumba yenye hali nzuri, kisha utakaa nyingine ukitafuta pesa zake. Likigongana, hata kama dereva wako hana kosa, linaweza kuzuiliwa uani mwa kituo cha polisi mpaka likaguliwe. Dereva mzuri akiondoka, si busara kumkabidhi gari mtu wa kwanza atakayekuja kuomba. Kisha kuna siku ambazo gari zima, lenye mafuta na dereva, halitoki kwa sababu ya mambo ya nchi: msako wa Novemba 2018, maandamano ya 2023 na 2024. Na kuna wakati gari lilitoka lakini viti havikuruhusiwa kujaa. Tangu 2020 hadi Agosti 2021, kwa ajili ya korona, matatu ya abiria 14 ilibeba abiria 8. Jedwali la Tatu halina mahali pa kuandika lolote kati ya haya.

Wote wanaotudai wanajua jambo hili. Chama hukusanya ada yake kwa siku, na gari likiwa gereji hakidai. Steji inadai gari likipakia. Dereva halipwi siku ambayo hakuendesha. Ni jedwali lenu tu linalodai siku ambazo hazikuwapo, tena kwa kutanguliza, mwanzoni mwa mwaka, wakati uleule wa karo.

Pendekezo langu ni hili: shilingi 4 kwa kila kiti kwa kila siku ambayo gari limefanya kazi.

Sikuokota shilingi 4 hewani. Gari la viti 14 litalipa shilingi 56 kwa siku. Likifanya kazi siku 300, yaani siku 25 kila mwezi, litalipa 16,800, sawasawa na leo. La viti 33 litalipa 132 kwa siku, na kwa siku 300 litafika 39,600, vilevile sawa na leo. Hazina haipotezi senti kwa gari linalofanya kazi mwaka wa kawaida. Gari lililolala litalipa pungufu. Na gari lenye madereva wawili wanaopokezana, lisilojua Jumapili wala sikukuu, likifika siku 340 litalipa 19,040. Najua baadhi ya wenzangu watanichukia kwa sentensi hiyo. Hao ndio wanaochuma zaidi kwa viti vilevile, na hadi sasa wamekuwa wakilipa sawa na mimi.

Kile kima cha chini cha shilingi 5,000 kisifutwe. Kwa matatu leo hakina kazi, kwa kuwa gari la viti 5 tayari linadaiwa 6,000. Chini ya utaratibu wa siku kitapata kazi nzuri: kiwe amana inayolipwa kabla ya ukaguzi, isiyorudishwa, na siku zianze kukatwa humo. Kwa gari la viti 14, amana hiyo inatosha siku 89. Baada ya hapo mwenye gari alipe kila robo mwaka kwa siku zilizotumika.

Nitembee na gari la mfano kutoka Januari hadi Desemba. Kabla ya ukaguzi mwenye gari analipa 5,000. Robo ya kwanza linafanya kazi siku 76, sawa na shilingi 4,256. Hadaiwi kitu, na amana imebaki na 744. Katikati ya Aprili injini inakufa, gari linarudi barabarani mwanzoni mwa Juni. Robo ya pili ina siku 31 tu, shilingi 1,736. Akitoa zile 744, analipa 992. Robo ya tatu kuna ajali ndogo na kukaa kituoni, siku 58, analipa 3,248. Robo ya nne, yenye Desemba na wageni wake, ni siku 79, analipa 4,424. Jumla ni siku 244 na shilingi 13,664.

Ukilinganisha na 16,800, ameokoa shilingi 3,136. Sitawadanganya kwamba pesa hiyo inanunua gari jipya. Hainunui hata jozi ya matairi ya maana. Faida kubwa imo katika zile 992. Katika miezi ambayo mwenye gari hakuingiza kitu na alikuwa akimlipa fundi, Serikali ilimdai kile alichoweza kutoa, na ikangoja gari lirudi kazini ndipo idai zaidi. Gari likifa moja kwa moja mwezi wa tatu, anakuwa amepoteza amana tu. Leo mtu huyo amekwisha kulipia miezi tisa ambayo chuma chake kimeota nyasi nyuma ya nyumba.

Sasa mtaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe ningeuliza kama ningekaa kwenye viti vyenu: nani atazihesabu hizo siku? Mwenye gari akiulizwa, magari yote ya Kenya yatakuwa gereji.

Jibu langu ni kwamba asiulizwe. Sheria idhani kila siku gari limefanya kazi, mpaka siku 25 kwa mwezi, isipokuwa mwenyewe atoe ilani ya kulala kabla ya saa tatu asubuhi ya siku hiyo, kwa ujumbe wa simu wenye namba ya gari. Asiyetoa ilani alipe. Anayekumbuka wiki mbili baadaye kwamba gari lilikuwa bovu, alipe pia. Ilani ya nyuma isikubaliwe hata ikija na barua ya fundi, kwa maana barua za mafundi tunazijua. Jambo hili si geni. Katika jimbo la Kerala nchini India, mwenye gari asiyekusudia kulitumia huwasilisha fomu iitwayo G, akaachiliwa kodi ya muda huo. Tofauti ni kwamba wao huhesabu kwa vipindi virefu, nami naomba tuhesabu kwa siku.

Ilani hiyo italinganishwa na kumbukumbu mbili ambazo tayari zipo. Ya kwanza ni daftari la chama. Kanuni za 2014 zinataka kila matatu liwe ndani ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na kila chama kina karani anayeandika gari lipi limelipa ada ya leo. Daftari hilo huandikwa kwa uangalifu kuliko vitabu vingi vya Serikali, kwa sababu ada isipoandikwa kuna mtu atakayegombana. Ya pili ni kidhibiti mwendo, kile mnachotaka kinakili mwendo wa gari na kupeleka kumbukumbu kwa NTSA. Gari lililotoa ilani ya kulala, huku karani ameandika kwamba lilipakia au kidhibiti kinaonyesha limekwenda kilomita 200, limejikamata lenyewe.

Sidai kwamba kumbukumbu hizi ni takatifu. Karani hupewa chai. Kuna vidhibiti mwendo vinavyofanya kazi siku ya ukaguzi pekee, na hilo linajulikana kutoka Lunga Lunga hadi Busia. Ndiyo sababu sikuanza na mashine. Kidhibiti kikinyamaza, mwenye gari hapati nafuu yoyote, kwa sababu siku isiyo na ilani inahesabiwa kuwa ya kazi. Kukiharibu hakumfaidi. Njia iliyobaki ya kudanganya ni kutoa ilani kisha kupakia bila karani kuandika na kidhibiti kimezimwa, huku ukipita vizuizi vya polisi na namba yako imo kwenye orodha ya magari yaliyolala. Atakayekamatwa hivyo alipe robo nzima kwa siku zote 90. Kwa gari la viti 14 ni shilingi 5,040 dhidi ya shilingi 56 alizotaka kuokoa, na nauli ya abiria mmoja wa Ukunda, shilingi 100, ingetosha kuzilipa na chenji ikabaki.

Mtadhani kwamba mpaka wa siku 25 kwa mwezi unagongana na lile gari la siku 340. Haugongani. Mpaka huo ni wa kudhani tu. Kumbukumbu ya karani ikionyesha siku 28, zitozwe 28.

Siku nayo ielezwe kwa maneno machache, la sivyo mawakili wataila. Napendekeza siku ya kazi iwe siku yoyote ambayo gari limebeba abiria wa kulipa, hata kwa safari moja, na ihesabiwe kwa tarehe ya kuondoka steji, ili gari la usiku linalovuka saa sita lisihesabiwe mara mbili. Gari lililoharibika saa nne asubuhi baada ya safari mbili limefanya kazi. Kuna watakaotaka nusu siku. Msikubali; siku mtakayokubali nusu, ndiyo siku ambayo kila gari litaanza kuharibika adhuhuri. Magari yanayokodishwa kwa harusi, mazishi na safari za shule yahesabiwe pia, maana hapo wenye magari huwa tunaona si kazi ya matatu, ilhali pesa tunapokea, na mara nyingi ni nzuri kuliko ya steji.

Nimesikia hoja kwamba ikiwa chama kinajua siku, basi chama kikusanye kodi na kuileta. Hapa nawasihi mjifunze kutoka Ghana. Mwaka 1987 nchi hiyo iliukabidhi muungano wa madereva, GPRTU, kazi ya kukusanya kodi ya mapato ya wanachama wake. Muungano ulikuwa tayari kwenye vituo, ukikusanya ada zake kila siku gari linapopakia, kwa hiyo kodi ikaongezwa juu ya ada. Mwanzoni ilifanya kazi, na ilikuwa kodi ya siku hasa: dereva asiyetoka hakulipa. Kisha pesa zikaanza kukawia njiani kati ya kituo na hazina, viongozi wa muungano wakawa na nguvu ambazo si wanachama wala Serikali iliyoweza kuzidhibiti, na mwaka 2003 Ghana ikaachana na mpango huo. Badala yake ikaweka stika ya kioo inayonunuliwa kila robo mwaka kulingana na aina na ukubwa wa gari. Kwa kuiepuka mikono ya wakusanyaji waliitupa pia ile siku, wakarudi kwenye kudhani kama ninyi.

Walichanganya kuhesabu na kupokea. Chama chetu kinaweza kuhesabu siku bila kugusa shilingi: karani apeleke orodha ya namba za magari yaliyopakia, na mwenye gari alipe moja kwa moja KRA kwa namba ya malipo aliyopewa. Karani asiyeshika pesa ana sababu chache za kuiba. Na mwenye gari akiona kwenye taarifa yake siku ambayo hakufanya kazi, atakwenda kugombana na karani mwenyewe, bila gharama kwa Serikali.

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Utaratibu huu hautasaidia kitu ikiwa baada ya kulipa siku zangu bado mtaniambia niandike mauzo ghafi ya nauli ambayo sikuiona. Kwa mtu mwenye matatu moja au mawili, kodi ya kiti na siku iwe ya mwisho kwa mapato ya magari hayo. Mwenye magari mengi, anayeweza kuajiri mhasibu, abaki kwenye vitabu kama kawaida, na kwake malipo haya yaendelee kuwa kianzio.

Najua afisa wa Hazina ameshachukua kalamu: asilimia 3 ya milioni 2.7 ni 81,000, nawe unataka nikuachie kwa 16,800? Hesabu hiyo ni sahihi karatasini. Lakini wenye matatu moja ninaowafahamu hawalipi hizo 81,000, na sitajifanya sijui. Hawalipi kwa sababu hakuna daftari la kuonyesha milioni 2.7, na afisa anayewadai hana daftari la kuwapinga. Mnachokusanya kweli ni kile kinachopita mlango wa ukaguzi. Linganisheni pendekezo langu na hicho.

Hata hivyo, kodi ya mwisho ina thamani kwetu, na kitu chenye thamani hulipiwa. Mkisema kwamba kwa kuifanya ya mwisho kiwango kiwe shilingi 6 kwa kiti kwa siku, gari la viti 14 litalipa 84 kwa siku na 25,200 kwa siku 300. Gari letu la siku 244 litalipa 20,496, zaidi ya linavyolipa leo. Nitanung'unika, lakini nitalipa, kwa sababu nitakuwa nimelipia usalama wa kujua kwamba hakuna barua nyingine inayokuja. Mkisema shilingi 10, mtaturudisha kwenye kujificha.

Muswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Marekebisho ninayoyaomba yanatosha kwenye aya moja, nami nimejaribu kuyaandika ili msiseme mwananchi amelalamika bila kuleta maneno:

"Kwa minibasi na mabasi ya abiria: shilingi nne kwa kila nafasi ya abiria kwa kila siku ambayo gari limebeba abiria kwa malipo, au shilingi elfu tano kwa mwaka, kutegemea kipi ni kikubwa. Gari litahesabiwa kuwa limefanya kazi siku 25 za kila mwezi, isipokuwa kwa siku ambazo mmiliki alitoa ilani kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa mtu mwenye magari yasiyozidi mawili, kodi hii ni ya mwisho."

Wanasheria wenu wataipiga pasi. Kabla ya kuipeleka nchi nzima, ijaribuni kwa robo mbili katika vyama vichache, kimoja cha mji mkubwa chenye minibasi za viti 33 na kimoja cha njia ndefu chenye za viti 14, na mlinganishe orodha za makarani na kumbukumbu za NTSA. Zikitofautiana kwa siku nyingi, mtakuwa mmejua pa kurekebisha kabla sheria haijaandikwa. Sisi wa njia ya Ukunda tuko tayari kuwa wa kwanza, na daftari la karani wetu liko wazi kwa afisa yeyote atakayevuka feri kuja kulitazama.

Wenu,

Mwenye matatu moja ya viti 14,
Likoni, Mombasa